Nyota kwenye tangazo, onyo kwenye kijitabu: je, kampuni imejikinga?

*"Wakili, habari za kazi. Nasoma sheria ya masoko na tumepewa kisa kinachotusumbua darasani. Kampuni inauza taa ya chumba cha mtoto inayowashwa kwa rimoti. Boksi na matangazo yanasema kwa herufi kubwa 'Salama kwa watoto' na 'Hupunguza umeme hadi asilimia 60*'. Nyota hiyo inaelekeza kwenye mstari wa chini kabisa: 'Ikilinganishwa na taa yetu ya awali, katika kiwango cha chini cha mwanga.' Vipimo vyao ni hivi: taa ya awali wati 5, lumeni 250, taa mpya kiwango cha chini wati 2, lumeni 100, kiwango cha juu wati 4.5, lumeni 250. Rimoti ina betri ya duara kama sarafu, na kifuniko chake hufunguka kwa kusukumwa na kidole gumba. Kijitabu kinaonya kwamba betri isifikiwe na watoto. Hakuna aliyeumia. Mimi nimejibu kwamba kampuni haina kosa, maana hakuna neno la uongo na onyo limetolewa. Mwenzangu anasema ina makosa mawili. Nani yuko sahihi, na kampuni ifanye nini?"*

Mwenzako yuko sahihi, ila nina wasiwasi kwamba ameyaona makosa hayo mawili kama vitu viwili vilivyotengana, kimoja cha matangazo na kingine cha usalama. Yameshikana, na kinachoyashikanisha ni yale maneno matatu yaliyoandikwa juu ya boksi. Nitafika huko. Kwanza tuanze na hoja yako kwamba hakuna neno la uongo, kwa sababu ndiyo hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa masoko, na husemwa kwa nia njema kabisa.

Sheria za kumlinda mlaji, katika nchi nyingi zenye sheria hizo, hazipimi tangazo neno kwa neno. Zinapima picha inayobaki kichwani mwa mlaji wa kawaida baada ya kuliona tangazo zima: maandishi, picha, rangi, ukubwa wa herufi, na hata yale yaliyoachwa bila kusemwa. Agizo namba 29 la mwaka 2005 la Umoja wa Ulaya kuhusu mienendo isiyo ya haki katika biashara linasema wazi kwamba tendo la kibiashara linaweza kupotosha hata pale ambapo taarifa zake ni sahihi, iwapo jinsi zilivyowasilishwa kwa ujumla inaelekea kumdanganya mlaji wa kawaida na kumfanya achukue uamuzi ambao vinginevyo asingeuchukua. Nia ya mtangazaji kwa kawaida haiulizwi katika hatua hii. Inaweza kuathiri ukubwa wa adhabu, lakini kujua kama tangazo limepotosha ni suala la msomaji wa tangazo, si la mwandishi wake.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri ni ule wa dawa za maumivu za Nurofen nchini Australia. Mtengenezaji aliuza boksi nne tofauti: moja ya maumivu ya mgongo, moja ya maumivu ya hedhi, moja ya kipandauso, na moja ya kichwa kinachouma kwa mkazo. Kila boksi, ukilisoma peke yake, lilisema kweli, kwa kuwa dawa iliyomo hutuliza maumivu ya mgongo, na hutuliza maumivu ya hedhi pia. Tatizo ni kwamba vidonge vyote vinne vilikuwa kitu kimoja, miligramu 342 za ibuprofeni ya lisini, na viliuzwa kwa takriban mara mbili ya bei ya kidonge cha kawaida cha chapa hiyohiyo. Aliyesimama mbele ya rafu aliondoka akiamini kwamba kila boksi limetengenezwa mahususi kwa sehemu yake ya mwili. Mwishoni mwa 2015 mahakama ya shirikisho iliona kwamba huo ni upotoshaji. Mwaka 2016 iliamuru faini ya dola milioni 1.7 za Australia, na baadaye mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaipandisha hadi dola milioni 6, ili isije ikaonekana kama gharama ya kawaida ya kufanya biashara.

Sasa tuje kwenye nyota yako. Kuna dhana kwamba dai kubwa linaweza kurekebishwa na mstari mdogo, mradi mstari huo uwepo mahali fulani. Mahakama Kuu ya Australia ililitazama jambo hili mwaka 2013 katika shauri la tume ya ushindani ya nchi hiyo dhidi ya kampuni ya mtandao ya TPG. Kampuni ilitangaza kwa herufi kubwa intaneti isiyo na kikomo kwa dola 29.99 kwa mwezi. Kwa herufi ndogo ilieleza kwamba bei hiyo ilipatikana tu kwa mteja aliyechukua pia simu ya nyumbani kwa dola 30 zaidi kila mwezi, na kwamba kulikuwa na ada ya kuunganishwa. Mahakama ya chini yake ilikuwa imeilegezea kampuni kwa hoja kwamba wateja wanajua huduma hizi huuzwa kwa vifurushi na wangelisoma tangazo lote. Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba ujumbe mkuu ndio unaoshika macho, kwamba mtu anayepitisha macho juu ya tangazo huchukua maana yake ya jumla tu, na kwamba hata kama baadaye angegundua ukweli kabla ya kulipa, tayari amekwisha kuvutwa ndani ya mtego wa muuzaji. Faini ya dola milioni 2 iliyokuwa imepunguzwa hadi 50,000 ilirudishwa.

Tunachojifunza hapo si kwamba maelezo ya ziada yamekatazwa. Maelezo yanaweza kufafanua dai, kwa mfano kueleza kipindi cha ofa au aina ya betri isiyojumuishwa. Hayawezi kuligeuza dai. Kipimo ninachotumia mimi ni rahisi: funika mstari mdogo kwa kidole, soma kilichobaki, kisha ufunue. Ukijikuta unasema "kumbe!", mstari huo haukuwa wa kufafanua.

Tufanye hivyo kwa taa yako, tena kwa hesabu, kwa sababu mtahini aliyewapa wati na lumeni hakuziweka kama mapambo. Ukifunika mstari wa chini, dai linasema kwamba taa hii itakupunguzia umeme kwa hadi asilimia 60. Mlaji wa kawaida ataelewa kwamba atapata mwanga anaouhitaji chumbani kwa umeme mdogo zaidi. Ukitoka wati 5 kwenda wati 2 umepunguza wati 3, na 3 kati ya 5 ni asilimia 60, kwa hiyo hesabu ya kampuni ni sahihi. Lakini tazama mwanga wenyewe. Taa ya awali ilitoa lumeni 250 kwa wati 5, yaani lumeni 50 kwa kila wati. Taa mpya katika kiwango cha chini inatoa lumeni 100 kwa wati 2, ambazo nazo ni lumeni 50 kwa kila wati. Hakuna teknolojia yoyote iliyookoa umeme hapo. Kampuni imepunguza mwanga kwa asilimia 60 na ikauita upungufu huo uokoaji. Ni sawa na kupunguza ujazo wa chupa kisha ukatangaza kwamba kinywaji kimepungua sukari.

Ulinganisho wa haki ni wa mwanga kwa mwanga. Katika kiwango cha juu taa mpya inatoa lumeni zilezile 250 kwa wati 4.5 badala ya 5, na upungufu huo ni asilimia 10. Hilo ndilo dai ambalo kampuni ina haki ya kulitoa: "Mwanga uleule kwa umeme pungufu kwa asilimia 10 kuliko taa yetu ya awali." Watu wa mauzo hawatalipenda, najua. Neno "hadi" nalo haliiokoi kampuni, maana mlaji akiona "hadi 60" hutarajia kwamba watumiaji wengi wataikaribia namba hiyo katika matumizi ya kawaida, si kwamba ni kilele kinachofikiwa katika hali moja ambayo taa inatoa chini ya nusu ya mwanga wake.

Kuna jambo la pili kuhusu madai ya namba ambalo wanafunzi hulisahau: ushahidi hutangulia tangazo. Nchini Marekani msimamo huu uliwekwa na tume ya biashara ya shirikisho mwaka 1972, katika shauri la kampuni ya Pfizer kuhusu dawa ya kupaka mtu aliyeungua na jua. Tume ilisema kwamba kutoa dai la ufanisi bila msingi wa kutosha wa kuliamini ni kosa lenyewe, hata kama baadaye dai litathibitika. Kampuni yako inao ushahidi, lakini unathibitisha sentensi tofauti na ile ambayo msomaji anaisoma. Katika kazi yangu ndipo ninapokuta makosa mengi zaidi. Jalada limejaa ripoti za maabara zenye mihuri, na hakuna hata moja inayojibu kile tangazo linachosema.

Sasa "Salama kwa watoto". Hili ni dai zito kuliko la umeme, ingawa halina namba. Halina sharti, halina umri, halina kipimo, na limewekwa kwenye kitu kinachokaa karibu na kitanda cha mtoto. Mzazi anayelisoma hatafsiri kwamba balbu tu ndiyo salama. Anaelewa kwamba kila kilichomo ndani ya boksi, pamoja na rimoti, kimepimwa kwa kuzingatia mikono na midomo ya watoto. Hapo ndipo lile suala la betri linapoingia, na ni lazima ujue betri hiyo hufanya nini ili uelewe kwa nini onyo la kijitabu halitoshi.

Betri ya lithiamu yenye umbo la sarafu, hasa ile ya kipenyo cha milimita 20, inatosha kukwama katika umio wa mtoto mdogo. Ikishakwama, unyevu wa mwili huunganisha pande zake mbili na umeme mdogo huanza kupita kwenye tishu. Umeme huo si wa kumrusha mtu. Unachofanya ni kuzalisha hidroksidi kwenye upande hasi wa betri, kemikali kali ya jamii ya magadi, ambayo huanza kuyeyusha ukuta wa umio. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Betri haihitaji kupasuka wala kuvuja, na hata ile iliyokwisha nguvu kiasi cha kushindwa kuendesha rimoti huweza kubaki na volti za kutosha kuunguza. Kibaya zaidi, mtoto asiyeweza kueleza kilichotokea huonekana kama mwenye kikohozi au aliyekataa chakula tu, na saa zinapita.

Kwa sababu hiyo Australia iliweka viwango vya lazima kwa bidhaa zenye betri za aina hii, vikaanza kutumika tarehe 22 Juni 2022, na Marekani ikapitisha sheria yake mwaka huohuo. Kiini cha viwango hivyo ni kwamba kifuniko cha betri kisifunguke kirahisi: ama kihitaji kifaa kama bisibisi au sarafu, ama kihitaji vitendo viwili tofauti vya mkono vinavyofanywa kwa wakati mmoja. Tena bidhaa hupimwa kwa kuangushwa na kubanwa ili kuona kama betri itachomoka yenyewe. Maandishi ya onyo yanatakiwa pia, lakini juu ya hayo yote, si badala yake. Rimoti inayofunguka kwa kusukumwa na kidole gumba isingepita.

Huu ndio utaratibu wa msingi wa usalama wa bidhaa popote uendako, na una ngazi tatu. Kwanza unaondoa hatari katika usanifu wenyewe, kwa mfano kwa kuweka swichi kwenye taa na kuachana na rimoti. Ikishindikana, unaweka kizuizi kati ya hatari na mtu, kama skrubu kwenye kifuniko. Onyo ni la mwisho, na ni la hatari ile iliyobaki baada ya ngazi mbili za kwanza kufanyiwa kazi. Kampuni iliyoruka moja kwa moja hadi ngazi ya tatu, wakati skrubu moja ingemaliza kazi, imechagua kumbebesha mzazi mzigo ambao ingeweza kuubeba yenyewe. Na tuwe wakweli kuhusu kijitabu: mtoto hasomi, kijitabu kimetupwa pamoja na boksi, na rimoti imeachwa juu ya kitanda kwa sababu hapo ndipo rimoti huachwa. Sheria hutazama matumizi yanayoweza kutabirika, pamoja na matumizi mabaya yanayoweza kutabirika. Mtoto kuweka kitu mdomoni ni jambo linalotabirika kuliko karibu yote.

Umesema hakuna aliyeumia, nami nadhani hapo umechanganya matawi mawili ya sheria. Tawi la dhima ya bidhaa humpa fidia aliyeumia, kwa hiyo linasubiri madhara. Tawi la usalama wa bidhaa linampa mtengenezaji wajibu wa kutoweka sokoni bidhaa isiyo salama, na linaipa mamlaka uwezo wa kuiondoa, kabla ya mtu yeyote kuumia. Kukosekana kwa majeruhi ni habari njema kwa kampuni katika tawi la kwanza, na hakubadilishi kitu katika la pili.

Na hapa ndipo makosa mawili ya mwenzako yanapokutana. Katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1985 kuhusu dhima ya bidhaa zenye kasoro, ambalo nchi nyingi nje ya Ulaya zimeliiga, bidhaa ina kasoro pale inapokosa usalama ambao mtu ana haki ya kuutarajia, na miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni namna bidhaa ilivyowasilishwa kwa wanunuzi. Maana yake ni kwamba tangazo linashiriki kuweka kipimo cha usalama. Rimoti ileile, ikiuzwa kwa mafundi kama kipuri cha karakana, inaangaliwa kwa matarajio fulani. Ikiuzwa ndani ya boksi lenye picha ya mtoto amelala na maneno "Salama kwa watoto", matarajio yanapanda, na yamepandishwa na kampuni yenyewe. Siku mtoto akiumia, wakili wa familia hatahitaji kutafuta mbali. Ataweka boksi juu ya meza ya mahakama. Mtu wa masoko aliyeandika maneno yale alidhani anaandika kivutio tu, kumbe alikuwa anaandika kipimo ambacho rimoti itapimwa nacho.

Kampuni ifanye nini basi? Njia ya kwanza, na ndiyo ya bei nafuu, ni kubadilisha maneno tu: kufuta "Salama kwa watoto", kuandika ile asilimia 10, na kukuza onyo. Hiyo inatibu tangazo la kesho, lakini inaziacha rimoti zile zile vitandani. Njia ya pili ni kuwatumia wateja kibandiko au mkanda wa kufunika betri. Ni nafuu pia, ila mkanda hubanduka na wateja wengi hawataubandika kabisa, na siwezi kumshauri mtu aegemee hapo peke yake. Njia ya tatu ni kusimamisha mauzo, kusanifu upya kifuniko chenye skrubu isiyotoka kwenye tundu lake hata ikilegezwa, kuipima rimoti mpya, na kuziita za zamani zirudishwe. Ni ghali, na ndiyo ninayoiona kuwa sahihi. Kuna faraja moja: kinachorudishwa ni rimoti, si taa nzima, mradi taa yenyewe iwe na swichi ya kuiwasha wakati mteja anasubiri.

Ukichagua njia hiyo, mpangilio wa hatua una maana. Mauzo husimama kwanza, hata kabla ya kukamilisha uchunguzi, kwa kuwa kila boksi linalouzwa baada ya kampuni kujua hatari ni ushahidi wa uzembe. Kisha mamlaka hujulishwa, na muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nchini Marekani kampuni hutakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 tangu ipate habari zinazoashiria kwa sababu za msingi kwamba bidhaa ina kasoro yenye hatari kubwa, na pale inapohitaji kuchunguza kwanza, uchunguzi huo kwa kawaida usizidi siku 10 za kazi. Kusubiri kikao cha bodi cha mwisho wa mwezi si udhuru.

Baada ya hapo zinatafutwa bidhaa, na hapa namba za bechi huonyesha thamani yake. Tuseme kampuni ilizalisha bechi tatu za rimoti 4,000 kila moja, na bechi ya kwanza ilikuwa na kifuniko cha skrubu kabla ya mtu wa manunuzi kukibadilisha ili kupunguza gharama. Kama namba ya bechi imechapwa kwenye kila rimoti, zinaitwa 8,000. Kama haikuchapwa, zinaitwa 12,000, na kampuni itajieleza kwa mamlaka kwa nini haijui bidhaa zake zenyewe.

Tangazo la kuita bidhaa nalo ni tangazo, na linaweza kupotosha kama mengine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa iliyoanza kutumika Desemba 2024 inazitaka kampuni ziepuke katika matangazo hayo maneno yanayopunguza uzito wa hatari, kama vile kusema bidhaa zinarudishwa "kwa hiari" au "kama tahadhari", au kwamba tatizo hutokea "katika hali chache". Liandikwe wazi: kifuniko hufunguka kirahisi, betri ikimezwa inaweza kuua, acha kutumia rimoti sasa, iweke mbali na mtoto, piga namba hii upewe nyingine au urudishiwe fedha.

Nitaongeza angalizo moja kuhusu haraka. Mwaka 2016 Samsung iliziita simu zake za Galaxy Note 7 baada ya betri kuwaka moto, ikawapa wateja simu nyingine zenye betri kutoka kwa mtengenezaji tofauti, na hizo nazo zikaanza kuwaka. Uzalishaji ulisitishwa mwezi Oktoba. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kwamba betri za watengenezaji wale wawili zilikuwa na kasoro mbili tofauti. Kwa taa yako somo ni dogo lakini la lazima: usimamishe mauzo leo, ila usitume rimoti mpya kabla haijaangushwa, haijabanwa na haijapimwa.

Uzingatiaji wa sheria wa kila siku, ule wa kuzuia hali hii isijirudie, hauhitaji idara kubwa. Unahitaji jalada moja kwa kila bidhaa lenye safu chache: dai kama lilivyoandikwa, maana ambayo mlaji wa kawaida ataipata, ushahidi unaoithibitisha maana hiyo, toleo la bidhaa lililopimwa, na jina la aliyeidhinisha. Safu ya pili ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayorukwa. Ningeitaka ijazwe na mtu ambaye hakuandika tangazo. Ile ya nne ndiyo ingeizuia rimoti isiyo na skrubu kuuzwa kwa cheti cha rimoti yenye skrubu, maana badiliko lolote la kipuri lingefungua upya madai yote yanayokitegemea.

Kitu cha pili ni njia ya malalamiko. Niliwahi kuitwa na kampuni moja ambayo uongozi wake uliapa kwamba haukujua kitu kuhusu kifuniko kinacholegea. Nilipoomba daftari la huduma kwa wateja nikakuta wateja kumi na mmoja wameandika jambo hilo kwa maneno yao wenyewe, na kila mmoja alitumiwa kifuniko kipya na ujumbe wa pole, lalamiko likafungwa. Mbele ya sheria, kampuni ilikuwa inajua tangu lalamiko la mwanzo mwanzo, kwa kuwa kinachojulikana na mfanyakazi wake katika kazi yake huhesabiwa kuwa kinajulikana na kampuni. Dawa yake ilikuwa ndogo: orodha fupi ya maneno kama "imemezwa", "imeungua", "imefunguka", "mtoto", na agizo kwamba lalamiko lenye mojawapo lisifungwe na mtu wa mapokezi.

Kwa jibu lako la darasani, tafuta sheria ya mlaji na viwango vya lazima vya nchi mliyopangiwa, kwa sababu nani anatoa faini, kiasi gani, na ndani ya siku ngapi hutofautiana sana, na mashauri niliyoyataja yatakuwa ya kushawishi tu nje ya nchi zao. Kama kisa hiki kwa kweli ni cha kampuni unayoifanyia mafunzo, jambo ambalo nimewahi kuliona, usiendelee kwa maandishi haya. Wapeleke kwa wakili ana kwa ana kabla hawajajibu barua yoyote ya mamlaka, na mwambie msimamizi wako asifute barua pepe wala kurekebisha jalada, kwani faili lililorekebishwa baada ya tatizo kujulikana huumiza kuliko tatizo lenyewe. Na kama kuna mzazi yeyote kati ya wateja anayesema betri haionekani na mtoto anakohoa au anatoa mate mengi, mpokeaji wa simu asimwombe namba ya risiti. Amwambie ampeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo na ataje betri mlangoni, ili mtoto apigwe picha ya eksirei mapema.